Kadi Mia Mbili na Kumi za Habiba

Habiba alikuwa na kichwa kigumu, na safari hii kilimfaa. Mtihani wa dawa ulikuwa umemwangusha yeye na wenzake watano katika chuo chao cha uuguzi pale Eldoret, wakapewa nafasi moja tu ya kurudia. Atakayeanguka tena, nyumbani. Habiba akaapa kwamba yeye haendi popote.

Alichukua majina yote ya dawa katika mihadhara ya mwalimu wao, Madam Wangeci, mia mbili na kumi, akayapanga kwenye laptopu safu mbili: jina la dawa huku, maana kule, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kila mstari kadi moja. Katikati ya jina na maana akaweka koma, na programu ya kadi za kukariri, jina mbele na maana nyuma, ikaimeza faili bila kulalamika. Akawatumia wenzake kwenye grupu, maringo yamemjaa. Kiplimo, aliyezoea kumcheka, akajibu kwamba yeye atasoma daftari kama watu. Lakini faili aliichukua, yule!

Jumamosi mama yake, Munira, alikaa nyuma ya kaunta ya duka lao la nguo, ameshika simu ya bintiye, akimsomea majina ya dawa na kusikiliza majibu. Ikafika digoxin. Habiba akamwaga bila kuvuta pumzi: huongeza nguvu ya moyo, mpigo ukiwa chini ya sitini kwa dakika usimpe mgonjwa, mwite daktari.

"Mbona hapa wameandika 'huongeza nguvu ya moyo' tu?" mama akauliza.

Habiba akaichukua simu, akafungua kadi moja baada ya nyingine. Maana zake zilijaa koma, na programu ilihesabu kila koma kuwa mwanzo wa safu nyingine. Ilichukua safu mbili za kwanza, zilizobaki ikazitupa. Na zilizobaki ndizo zilizobeba maonyo. Watu watano walikuwa wanakariri nusu dawa kwa sababu yake.

Aibu ilimchoma, lakini hakujificha. Akaandika kwenye grupu: "Futeni kadi zangu zote. Nimekosea mimi. Nitatuma nyingine."

Akakaa palepale dukani na laptopu yake, mstari baada ya mstari, akiondoa koma ya kwanza tu na kubonyeza kitufe cha tabo mahali pake. Alipoingiza faili upya akachagua tabo, si koma, kuwa kitenganishi cha safu. Tena akafungua kadi moja moja kabla ya kutuma. Zote nzima.

Siku ya mtihani wa mdomo alisubiri kwenye benchi mlangoni, Kiplimo akiwa ndani. Akamsikia Madam Wangeci akiuliza digoxin. Kiplimo akajibu yote, neno kwa neno, mpaka mwite daktari.

"Umesoma kitabu gani hicho?"

"Si kitabu, Madam. Ni Habiba."

Habiba alipoitwa, aliingia kifua mbele. Jioni majina sita ya waliofaulu yalibandikwa ukutani, na yeye akayapiga picha yote sita akamtumia mama.