Evarista Kanyamazishwa

Jamani, sauti imerudi! Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia.

Yusta mnamjua, yule rafiki yangu tuliyesoma naye chuo hapa Iringa. Mama yake, Evarista, alifariki mwaka jana. Yusta ana video moja tu ya mama yake: mama anapukuchua mahindi uani kwao Tosamaganga, anaimba wimbo aliojitungia mwenyewe, halafu katikati anakatisha kwa ukali, "Yusta we! Mbuzi!" Mbuzi alikuwa kwenye mahindi, na Yusta kashika simu anacheka. Akaiposti. Baadaye simu ikaibiwa, ikabaki ile ya mtandaoni tu.

Sasa bibi yake Yusta, Bibi Bertha, haoni, na kumbukumbu inakuja na kuondoka. Kila jioni anawekewa ile video ndipo anakula. Kwake yeye Evarista yupo tu hapo nje.

Siku moja Yusta kaiweka, picha inacheza, sauti hakuna. Chini kuna ujumbe: sauti imeondolewa, ni mali ya msanii mwingine. Kumbe kuna jamaa wa Mbalizi, Dastan, kachukua sauti ya mama, kaiwekea biti, kaisajili kwa wasambazaji wa muziki. Mashine ya mtandao imelinganisha sauti hizo mbili, ikakuta zinafanana. Nani alitangulia kuposti, haiangalii. Inaangalia nani kasajili.

Bibi akasubiri. Kimya. Akauliza, "Evarista kaninunia? Nimemfanya nini?"

Akasukuma sahani.

Yusta akajaza pingamizi bila kuniambia. Likakataliwa. Nikamwambia nionyeshe ulichoandika. Jamani! Kaandika: "Samahani sana kwa usumbufu, naomba mniruhusu kutumia wimbo huu."

"Yusta, umemwomba mwizi ruhusa!"

"Sasa ningeanzaje, Ruwaida? Nawavamia tu watu bila samahani?"

Na anayejibu pingamizi ni yule yule aliyedai. Ikabaki rufaa, na Dastan akishupaa hapo, video inaweza kushushwa kabisa. Bibi siku hizo anakunywa uji nusu kikombe, tena kwa kubembelezwa. Mifupa ya mabega unaiona juu ya kanga. Nikasema hatujazi kitu, twende Mbalizi.

Studio ya Dastan ni chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, ukutani kabandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Kijana mwenyewe mpole, katuletea na soda.

"Dada zangu, mimi sijamzima mtu. Ni mashine. Wakati wa kusajili kuna kisanduku, nikaweka tiki."

"Kile kinachosema sauti yote ni ya kwako peke yako?" nikamuuliza.

"Si wote tunaweka tiki?"

"Na pingamizi letu ukalikataa."

"Mliandika samahani! Nikajua hawa wanakiri. Ile sauti nimeitoa kwenye grupu la WhatsApp, nikadhani ni ya zamani, haina mwenyewe."

Nikamwambia Dastan aweke wimbo wake. Ngoma zikaanza, halafu kiitikio: Yusta we! Mbuzi! Yusta we! Mbuzi! Kakirudia mara nne nne.

"Hicho ndiyo watu wanakipenda," akasema. "Huku vilabuni Yusta akiitwa tu, wote wanaitikia mbuzi! Hivi huyo Yusta ni nani?"

Yusta akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya kinanda.

Dastan akakisoma. Akazima ngoma.

"Na aliyeita?"

"Mama. Hayupo."

Kaka wa watu akakosa pa kuangalia. Akawaandikia wasambazaji mbele yetu: dai liondolewe, sauti si yangu. Wimbo wake akaomba ushushwe. Lakini ulishasambaa kwenye simu za watu; tulivyotoka tu, bodaboda mmoja kapita nao. Yusta akageuka alipoitwa. Kabisa akageuka.

Leo dai limeondoka! Tumekimbia Tosamaganga na chapati za mama yangu. Bibi kalala kaelekea ukutani. Yusta akamwekea simu sikioni. Mahindi yanadondoka, wimbo, halafu: Yusta we! Mbuzi!

Bibi akainuka mwenyewe. "Haya! Kanisamehe." Akafungua mdomo, akalishwa kipande kimoja cha chapati, cha pili. Mimi narukaruka kama mtoto.

Video ikaisha. Bibi akatafuna, akasikiliza mlangoni.

"Mwambieni basi aingie, nje baridi."

Yusta ana kipande mkononi. Hajamlisha, hajakirudisha.

"Yusta, si unaitwa? Nenda kamwambie mama yako aingie."

Akaenda. Nimemwacha kasimama uani.