Shibuda na Jaribio la Daraja la Tatu

Shibuda hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini nyumba tisa za matofali ya kuchoma katika kijiji chao cha ujamaa, wilayani Biharamulo, zilisimama kwa mkono wake. Alikuja na wazazi wake kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe, akajifunza uashi kwa kuwabebea udongo mafundi wa misheni na kuiba kazi kwa macho.

Mwaka 1977 ofisi ya ujenzi ya wilaya ilitafuta waashi wa zahanati. Shibuda akaenda. Msimamizi wa ujenzi, Mzee Ildefonce, alikuwa amewahi kulala katika mojawapo ya nyumba alizojenga Shibuda.

"Mkono wako naujua," alisema. "Lakini faili halina macho. Cheti kiko wapi?"

"Sina, mzee."

Shibuda aligeuka kuondoka. Mzee Ildefonce akamwita, akamvutia kiti.

"Kaa. Nunua daftari. Kila ulichojenga kiandikwe: mwaka, vipimo, mwenye nyumba. Mwenyekiti wa kijiji atie sahihi na mhuri. Kisha ufanye jaribio la ufundi Mwanza, Daraja la Tatu, lile la kuanzia. Hawaulizi ulisoma wapi, wanataka barua ya kuthibitisha kwamba kazi umeifanya. Barua nitaandika mimi. Ukishapata cheti, nitakupa jengo moja ulisimamie tangu msingi hadi linta juu ya milango, nami nitalikagua kwa maandishi."

"Mzee, kuandika kwenyewe sijui."

"Basi anzia kwa Mwalimu Speciosa."

Speciosa alifundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri. Shibuda alikaa kati ya akina mama, vumbi la matofali likiwa bado mikononi. Miezi kumi baadaye aliweza kujaza daftari lake mwenyewe, na mwaka uliofuata akapanda lori kwenda Mwanza.

Alirudi ameinamisha kichwa. Ukuta aliujenga vizuri, na kamba ya timazi ikaonyesha umesimama wima kabisa. Lakini walipompa ramani na kumuuliza mlango uko upande gani, aliona mistari tu. Alijibu maswali mawili tu kati ya kumi.

"Nimekuaibisha, Mwalimu," alimwambia Speciosa.

"Hujaniaibisha. Mimi ndiye niliyekufundisha herufi nikasahau michoro. Nifuate."

Alimpeleka kwenye nyumba ambayo Shibuda alikuwa akiijenga, kuta zimefika juu, paa bado. Akamwambia apande jukwaa la waashi.

"Tazama chini. Unaona nini?"

"Vyumba. Kuta. Uwazi wa mlango."

Speciosa akamrushia karatasi na penseli. "Chora hivyo hivyo unavyoona."

Shibuda alichora mistari miwili miwili ya kuta, akaacha pengo penye mlango. Ghafla akacheka peke yake huko juu. Kumbe ramani ni nyumba inayotazamwa kabla haijaezekwa!

Akajiandikisha tena, lakini vita vikazuka mpakani. Malori yakachukuliwa kupeleka askari, safari ya Mwanza ikakatika. Watu waliokimbia mapigano upande wa kaskazini walifika na kuhifadhiwa shuleni. Mganga wa zahanati alihofia kuhara, akaomba vyoo. Shibuda alijenga sita kwa wiki tatu, akivipanga mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko. Mganga, bila kuombwa, aliandika katika daftari la Shibuda: "Hakuna aliyeugua kipindupindu hapa." Shibuda aliusoma mstari huo mwenyewe, taratibu, akaurudia.

Vita vilipokwisha mwaka 1979 alikwenda Mwanza mara ya pili. Safari hii alijibu maswali ya ramani yote isipokuwa moja. Kwenye kazi ya mikono, mtahini alimuuliza angehakikishaje kwamba kona ni mraba. Shibuda alipima futi tatu upande mmoja, nne upande wa pili, akavuta kamba kati ya alama hizo mbili: tano kamili.

"Nani alikufundisha?"

"Niliona kwa mafundi wa misheni. Sababu yake nilielezwa na Mwalimu Speciosa."

Cheti kilifika kwa posta ofisini kwa Mzee Ildefonce. Mzee alimwita Shibuda. Alikiweka ndani ya faili, akatoa barua ya kazi: nyumba ya mganga, Ntobeye, katika wilaya jirani ya Ngara iliyoomba fundi, msimamizi Ndugu Shibuda.

"Baada ya miaka miwili ya kazi kama hii tutazungumza habari ya Daraja la Pili," alisema.

Shibuda akaushika mkono wa mzee kwa mikono yote miwili.

Alasiri hiyo alipita darasani kwa Speciosa. Akina mama walikuwa wakisoma kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepata?"

"Tumepata," alisema Shibuda, na akina mama wakapiga vigelegele hadi chaki ikamdondoka mwalimu.