Ubao wa Siku Bila Ajali

Kila asubuhi, mashine zikiwa bado zimelala, Katibu wa kampuni alishuka ngazi akiwa na kitambaa chenye maji na kipande cha chaki. Ukutani, kando ya mlango wa karakana, palikuwa na ubao mweusi uliochorwa kwa rangi nyeupe isiyofutika: SIKU BILA AJALI. Chini ya maneno hayo alifuta namba ya jana, akaandika ya leo. Kazi hiyo haikuwa yake. Msimamizi aliugua wiki moja, Katibu akamshikia, na kazi ikamganda kama gundi.

"Katibu, usikosee hesabu hapo," mafundi walimtania. "Ukiruka siku moja, mashine itatudai kidole."

Alicheka nao, akapanda juu kwenye makaratasi yake.

Kiwanda kilitengeneza sufuria. Mwenyekiti wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mkubwa wa mwili anayeongea kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara. Wanahisa walikuwa watano, wote wa ukoo mmoja, mke wa Katibu akiwemo. Mwaka uliopita waliuza jengo la pili lililokuwa halina kazi, na fedha zikalala benki. Ukoo ukaanza kuziota. Mke wa Katibu alishapima paa la nyumba yao mara mbili. Mvua ilikuwa inaingia chumba cha watoto.

Mwenyekiti alidhani ni jambo la kukaa mezani na kugawana. Wakili wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimkata maini mapema.

"Hizo si faida, Mwenyekiti. Huo ni mtaji. Mliuweka mlipoianzisha kampuni, mkauita hisa. Kila anayewauzia alumini kwa mkopo anawaamini kwa sababu mtaji huo upo. Huwezi kuuchomoa kimyakimya ukauweka mfukoni."

"Kampuni ni yetu, mama."

"Ni yenu. Ila madeni yake yana wenyewe."

Akawapangia njia. Kwanza katiba ya kampuni iruhusu, na ilikuwa inaruhusu. Pili, mkutano mkuu wa wanahisa, taarifa itolewe mapema, na azimio maalumu: robo tatu ya kura, si nusu na moja. Tatu, mahakama.

"Mahakama ya nini tena, na sisi tumeshakubaliana?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nyinyi mnakubaliana juu ya fedha zenu. Jaji anawaangalia wale ambao hawapigi kura."

Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha kulia chakula cha wafanyakazi, viti vya plastiki, madirisha wazi. Pendekezo lilikuwa kila hisa ya elfu moja ishuke iwe ya mia nne, na zile mia sita zirudishwe kwa mwenye hisa. Shangazi peke yake alipinga. Alikuwa na sehemu moja ya kumi ya kura.

"Mkishatoa damu hiyo yote," alisema, "siku kiwanda kikilala, anayekidai atakamua nini? Sufuria?"

"Shangazi, piga kura upumzike," Mwenyekiti akamwambia.

Shangazi akapiga ya hapana, akapumzika. Tisa ya kumi zilisema ndiyo. Katibu aliandika yote kwenye kumbukumbu za kikao.

Ikabaki mahakama. Jaji akaweka tarehe, na kampuni ikatakiwa kuleta orodha ya kila mtu aliyekuwa akiidai siku ile, jina, anwani na kiasi, chini ya kiapo cha ofisa wa kampuni. Kila mdai apelekewe barua. Tangazo litoke magazetini, ili aliyesahauliwa ajitokeze kabla ya muda kufungwa. Asiyeridhia alipwe, au awekewe dhamana. Hapo ndipo jaji anaweza kuthibitisha.

Orodha iliangukia mikononi mwa Katibu. Alifungua leja, akatembeza kidole kutoka juu hadi chini: benki, muuza alumini, muuza mkaa wa tanuru, kampuni ya umeme, fundi wa mizani. Wadai kumi na mmoja. Benki ikaridhia kwa maandishi. Muuza alumini akakataa katakata, akalipwa siku ileile. Wengine wakatia sahihi. Katibu akala kiapo kwamba wadai wa kampuni ni hao, kwa kadiri ya ufahamu wake. Tangazo likatoka, siku zikapita, muda ukafungwa.

Asubuhi, siku moja kabla ya kesi, alishuka na kitambaa chake. Alifuta 213. Akaandika 214.

Kisha akasimama. Mkono ulibaki hewani na chaki.

Namba ile ilianzia mahali fulani. Ilianzia siku alipofuta 91 akaandika sifuri, kwa sababu jana yake mtu aliyeitwa Chuma, fundi wa mashine ya kukandamiza, alikuwa ameacha mkono wake wa kulia ndani ya mashine hiyo, chini kidogo ya kiwiko. Bima ya wafanyakazi ilikuwa imekwisha muda miezi miwili kabla, hakuna aliyeilipia. Kwa hiyo Chuma alikuwa ameishitaki kampuni yenyewe. Karatasi za kesi zilikuja, na Katibu mwenyewe akazitia kwenye faili la mashauri, kabati la chini. Hazikupita kwenye leja. Chuma hakuwahi kuleta ankara ya mkono wake.

Mara mia mbili na kumi na nne alikuwa amemwandika mtu yule ukutani. Kwenye orodha hakumwandika hata mara moja.

Alipanda ngazi polepole, akampigia Wakili.

"Kesi yake haijahukumiwa," alisema. "Labda ashindwe."

"Labda," Wakili akajibu. "Kampuni ingefungwa leo, madai yake yangepokelewa?"

"Yangepokelewa."

"Basi ni mdai. Kiasi chake hakijulikani tu. Jaji ndiye atakayekipima. Sikiliza, ndugu yangu. Jana ulikuwa umekosea. Kuanzia sasa unajua. Ofisa anayejua mdai yupo akamficha, hilo ni kosa la jinai, na mimi sitasimama mbele ya jaji nikiwa na orodha ninayojua ni pungufu."

Mwenyekiti alimsikiliza akiwa amesimama dirishani, amempa mgongo.

"Nani mwingine anajua?"

"Wakili."

"Umeanza na Wakili kabla yangu." Akageuka. "Shemeji, yule mtu hajashinda. Magazetini tumetangaza. Hakuja. Hilo si kosa letu."

"Chuma hasomi magazeti. Anwani yake tunayo. Barua ilitakiwa iende kwake."

"Tunazungumza kiasi gani?"

Katibu akataja kiasi kilichokuwa kwenye madai. Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa.

"Fedha zikigawanywa halafu akashinda, atakuta nini?" Katibu aliuliza.

"Atakuta kampuni inayofanya kazi."

"Atakuta mashine za zamani na deni la benki. Benki itatangulia."

"Na paa lako?" Sauti ya Mwenyekiti ilishuka, na kushuka kule kulikuwa kubaya kuliko kelele zake zote. "Nilikutoa stoo, ulikuwa unahesabu misumari. Hukuwa na cheti hata kimoja. Nilikupa kiti hiki kwa ajili ya dada yangu."

"Najua."

"Kesho ukifungua mdomo, mwisho wa mwezi wakurugenzi watachagua katibu mwingine."

"Sawa, shemeji."

Nyumbani alimweleza mkewe, aliyekuwa anapanga beseni chini ya panapovuja. Mkewe aliuliza jambo moja tu.

"Ni yule aliyekuwa anatuletea mifuniko ya sufuria siku za sikukuu, anasema imekataliwa kiwandani kumbe mizima?"

"Huyohuyo."

Akasogeza beseni kidogo kulia, akaenda kuita watoto waje kula.

Asubuhi, baada ya kuandika 215, Katibu alisimama mahakamani kwenye chumba kidogo chenye feni iliyokuwa inalia. Wakili aliomba ruhusa kuleta kiapo cha nyongeza. Jaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisoma, akamtazama Katibu kwa juu ya miwani.

"Uliapa kwamba wadai ni kumi na mmoja."

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilikosea. Niliwatafuta kwenye leja. Yeye hakuwa kwenye leja."

"Alikuwa wapi?"

Katibu alifikiri. "Kwenye ubao, mheshimiwa."

Jaji hakuuliza ubao gani. Aliahirisha kwa wiki tatu, akaamuru Chuma apelekewe barua mkononi, si kwa gazeti.

Wiki hizo Mwenyekiti hakumsemesha. Wanahisa walimpita kwenye korido kama wanapita ndoo. Shangazi peke yake alimletea chai mezani, akaiweka, akaondoka.

Siku ya pili ya kesi Chuma alikuja. Shati safi, mkono wa kulia wa shati hilo umekunjwa na kubanwa kwa pini. Jaji akamweleza kampuni inataka kufanya nini, akamuuliza kama anaridhia.

"Siridhii," Chuma alisema. "Wakishagawana, nitamdai nani?"

Wakili wa kampuni alisema kampuni inabishia kiasi, lakini iko tayari kutoa dhamana. Jaji akaamuru kiasi chote kilichodaiwa kiwekwe kwenye akaunti ya mahakama, kikae humo hadi kesi ya mkono iamuliwe. Akishinda kitamlipa, akishindwa kitarudi. Risiti ya benki ilipoletwa mchana, ndipo jaji alipothibitisha mtaji kupunguzwa. Hata hapo Wakili aliwakumbusha wanahisa nje ya mlango kwamba hakuna kugusa kitu mpaka amri hiyo isajiliwe kwa Msajili wa Makampuni. Fedha za dhamana zilitoka kwenye zile alizotenga Mwenyekiti kwa gari jipya la kampuni, lenye viti vya ngozi. Alipita mbele ya Katibu na kusema, "Mwisho wa mwezi," kisha akashuka ngazi.

Katibu alibaki kwenye benchi. Chuma akaja akakaa upande wa pili, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Wakili wako kaniambia wewe ndiye uliyenitaja."

"Mimi ndiye niliyekuacha kwanza."

"Ulinisahau kweli, au ulisahaulishwa?"

"Nilikusahau kweli."

Chuma alitikisa kichwa, kama anayepokea kitu kizito lakini alichokuwa anakitarajia.

"Na ule ubao bado unauandika?"

"Kila siku."

"Leo ngapi?"

"Mia mbili thelathini na sita."

"Nyumbani namba ni hiyohiyo," Chuma alisema. "Mke wangu anaihesabu."

Wakakaa. Karani alipita na rundo la mafaili. Chuma akanyoosha mkono wake wa kushoto, uliobaki. Kifungo cha mwisho wa mkono wa shati kilikuwa wazi, kinaning'inia.

"Hiki siwezi mwenyewe," alisema. "Asubuhi nilichelewa, mke wangu alishatoka."

Katibu akasogea ile nafasi ya mtu mmoja, akamfungia.