Aliyejibu "Moyo"

Hortense alikuwa ameipigania karatasi moja kwa miezi. Katika wakala wa forodha alikosimamia wafanyakazi, mjini Lubumbashi, ahadi ya usawa ilikuwa maneno manne ukutani: "Sisi sote ni familia." Familia ya nani, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Hortense alizaliwa mji huu huu, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na hadi leo watu humuuliza atarudi kwao lini. Akayabandua maneno yale, akaandika mambo ya kutendwa. Nafasi zitabandikwa getini, si kunong'onwa kanisani. Hakuna atakayeulizwa kabila, mimba wala kijiji cha baba yake. Maswali ni yale yale kwa wote, na kila msaili ataandika alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Mwenye undugu au upendeleo atasema, kisha atatoka. Aliyekosa kazi akitaka sababu, ataelezwa uso kwa uso.

Wenzake wakaona amejifanya polisi. Saa ya chakula hawakumwita tena. Mkurugenzi, Mwelwa, alisema atatia sahihi akishaona inavyofanya kazi.

Wakaanza na nafasi ya mwandishi wa matamko ya forodha, Hortense na Mwelwa wakiwa wasaili. Msichana aitwaye Gaëlle aliingia, akaliona jina la ukoo wa Hortense kwenye kibao mezani, akatabasamu.

"Moyo, mamu."

Ndivyo Wakasai wanavyosalimiana. Tangu mama yake afariki, Hortense hakuwa amesalimiwa hivyo. Moyo ulimruka.

"Moyo," akajibu, kwa sauti ya nyumbani kabisa.

Mwelwa akainua macho. Hortense akajua la kufanya, na akalichukia.

"Miye natoka," alisema. "Nimeshamupenda mbele ya swali ya kwanza. Cathy wa comptabilité, kule kwa mahesabu, akalie kiti yangu."

Akakaa kwenye korido peke yake, akisikia sauti bila maneno.

Gaëlle alikosa kazi. Siku ile ile Mwelwa alitia sahihi. "Ulitoka kweli," alisema, kisha akaenda kula na wengine.

Kesho yake Gaëlle alikuja kuuliza sababu. Hortense alimwonyesha jaribio la maandishi alilolifanya siku ya usaili: kwenye thamani ya mzigo alikuwa ameandika bei ya kununulia tu, akasahau kuongeza usafiri na bima. Waliofaulu waliviongeza. Akamwambia nafasi nyingine ikitoka itabandikwa getini, ajaribu tena.

Gaëlle akairudisha karatasi ya jaribio mezani.

"Ulitoka juu ya miye, sababu yangu?"

"Hapana. Juu ya miye mwenyewe."

"Ni kusema ungebakia kama haungejibu 'Moyo'."

"Ningebakia."

Gaëlle akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka, na Hortense, Mungu amsamehe, akangoja neno lile moja.

"Bonne journée, madame," alisema Gaëlle, akimuaga kwa Kifaransa cha ofisini, akafunga mlango taratibu.