Masizi Si Uchafu

Pascalia, muuza ugali na dagaa wa omena huko Lurambi, aliwadharau wakata miwa waliokuja kibandani kwake na mikono myeusi. Asubuhi moja akabandika tangazo: "WACHAFU HAWALI HAPA."

Mkata miwa mmoja, Ignatius, alilisoma kwa sauti, akasonya.

"Mama, haya ni masizi ya miwa iliyochomwa. Yanatoka kwa sabuni. Uchafu ni hicho kitambaa unachopangusia meza, halafu sahani. Kinatia kinyaa!"

Akaondoka na wenzake wote, wakaenda kula kwa jirani.

Ugali ulipoa. Pascalia akakitupa kitambaa, akaweka ndoo ya maji yenye bomba na sabuni, kisha akaandika upya, amenuna: "Tafadhali nawa mikono kabla ya kula."

Kesho yake Ignatius alirudi, akanawa, akala. Hawakusalimiana.