Jina la Mdoli wa Nne

Kwenye kitambulisho changu limeandikwa Komariah, lakini mtaani kwetu sijaitwa hivyo miaka mingi. Huku kwetu Bandung, mwanamke akishazaa, jina lake hufungiwa kabatini. Jirani yangu wa kulia ni Mama Dafa, wa kushoto ni Mama Ila, yule wa kioski ni Mama Rizki. Mimi sikujaliwa mtoto, na kwa kuwa nashona midoli, wakaona waniite Mama Midoli. Hakuna aliyenuia ubaya. Nami huitika, maana mtu anayeishi peke yake hachagui sana jinsi ya kuitwa.

Karakana ni ya Wiwin, ambaye tumesoma naye shule ya msingi. Yeye huchora, wasichana sita hukata, hushona na kujaza pamba, mimi ndiye wa nyuso na nywele. Mwaka ule duka moja la Jakarta liliagiza aina nne za midoli ya vitambaa kwa watoto wa miaka miwili hadi mitatu, na wakatoa sharti ambalo hatukuwahi kulipata: kila mdoli awe na jina, na jina hilo mtoto mwenyewe aweze kulisema.

"Kazi rahisi," Wiwin alisema, akiumauma bajia. "Majina tu."

Tulikaa siku mbili na daftari. R ilitoka kwanza, maana watoto wetu huanza kuikunja wakiwa karibu na kwenda shule. S nayo ikatoka, kinywani mwao hugeuka kitu kingine. Tukabaki na M, N, B, P, T na D, sauti ambazo midomo na ncha ya ulimi hazihangaiki nazo. Silabi mbili, zisizidi. Tena majina yasifanane, kila moja lianze na sauti yake na kuwa na irabu zake, ili hata mtoto akilivuruga mama ajue ni mdoli yupi anayeliliwa.

Kumbe watoto walishayachukua maneno yote mepesi kwa shida zao wenyewe. Nikisema Bobo, Wiwin ananikumbusha kwamba kwa watoto wetu huko ni kulala. Pipi inakaribia neno lao la kukojoa. Popo inakaribia lile la nepi.

"Nene je?" nikauliza.

"Huko ni kunyonya, dada. Unataka mtoto aombe mdoli dukani, mama afungue vifungo vya blauzi?"

Tulicheka mpaka wasichana wakasimamisha vyerehani. Mwishowe tukapata matatu: Momo, Nunu na Biba. Akabaki wa nne, mwenye nywele nyeusi za kusuka, niliyemshona kwa mkono wangu mwanzo hadi mwisho. Huyo nilikuwa na jina lake tayari.

"Larasati," nikasema.

Wiwin aliweka kalamu chini. Alilijua jina hilo. Mimi na mume wangu Engkus tulilichagua mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa mtoto wa kike ambaye tulimngoja miaka tisa. Kisha Engkus akaenda Batam kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke, na nasikia ana watoto watatu. Jina aliniachia mimi. Nimekaa nalo miaka kumi na minane, sina pa kulipeleka, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nikifa litakuwa halijawahi kumwita mtu.

"Lina R, lina S, lina silabi nne," Wiwin alisema polepole. "Watoto huangusha kichwa cha neno wanashika mkia. Watasema Tati."

"Tati siye."

"Haya. Litapimwa kama mengine. Likipita, limepita. Likianguka usininunie."

Kipimo kilikuwa hivi. Watoto kumi na wawili wa chekechea ya mtaa, wasiowahi kuyasikia majina, wanaonyeshwa midoli na kutajiwa kila jina mara tatu. Wanacheza kidogo. Kisha midoli inawekwa juu ya meza ndefu, mtoto asipoifikia, na kila mmoja anaulizwa amtaka nani. Mtu wa duka anakaa ameipa meza mgongo, haoni mtoto anaangalia wapi wala ananyoosha kidole kwa nani. Anaandika mdoli aliyemsikia tu. Jina lisilosikika hivyo, halifai.

Zilikuwa zimebaki wiki tano, na hapo ndipo nilipofanya hila.

Mama Ila alikuwa muuzaji wa duka la vitambaa, na asubuhi alianza kuniachia bintiye. Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi tisa. Jina lake la cheti ni Arsyila, na kama ilivyo kwa watoto wengi wa siku hizi, alipewa jina asiloweza kulisema, akalikata mwenyewe akabakiza Ila. Alikuwa amesajiliwa chekechea ile ile, zamu ya mchana. Nilijua atakuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na sikumwambia Wiwin.

Nilimkalisha juu ya meza ya cherehani, mdoli wa nywele za kusuka kando yake, nikaanza kumfundisha kutoka nyuma, maana mkia ndio anaoushika.

"Ti."

"Ti."

"Sati."

"Chati."

Wiki ya kwanza hatukuvuka hapo. Wiki ya pili tukaongeza kipande, ya tatu kingine, na kila akipatia nilimpa kipande cha ndizi ya kukaanga, naye akakaa akipiga miguu kwenye ubao wa meza huku akilirudia. Sitaficha, zile zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizoishi katika nyumba ile. Nilianza kununua ndizi mbili. Niliacha redio ikiwa imezimwa. Siku ya Jumapili, mamake akiwa nyumbani naye, nilizunguka na ufagio mahali palipokwisha kufagiwa.

Wiki ya tano Ila alifika mlangoni, akaweka ndala zake kando ya zangu, akasema lote kwa mkupuo: "Lalachati."

Nililia kidogo, nikageukia sinki nisimtishe.

Siku ya kipimo tulikwenda ukumbi wa mtaa. Duka lilimtuma binti mmoja, Felisia, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akakaa akitazama ukuta. Wiwin akasimama mezani akiuliza maswali, mimi nikaketi kwenye mkeka nyuma ya watoto, kazi yangu kuwafuta kamasi.

Momo alipita bila shida. Nunu alipita. Biba, mmoja alimwita Bibi, lakini Felisia alijua ni yupi. Kwa wa nne mambo yakaharibika kama Wiwin alivyosema. Ati. Tati. Tati tena. Mmoja alisema "ile" akanyamaza. Kisha akaja kijana mdogo aitwaye Gilang, ambaye wakati wa kucheza hakumwachia mdoli wa nywele hata mara moja, alikuwa akilala naye sakafuni, amekamata msuko.

"Gilang, unamtaka nani?" Wiwin aliuliza.

Alimtazama mdoli wa nywele. Akafungua mdomo. Akaufunga. Niliona kidevu chake kikijaribu, na hakuna kilichotoka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Momo."

Felisia akaandika Momo. Wiwin akampa Momo. Gilang akampokea akaenda kukaa ukutani, na macho yake yalibaki mezani. Nilihisi aibu ambayo sijaihisi tangu utotoni. Kwa sababu yangu mtoto ameambiwa achague, akachagua anachoweza kukisema.

Wa mwisho alikuwa Ila.

"Ila, unamtaka nani?"

"Lalachati," Ila alisema, wazi kabisa, ukumbi mzima ukasikia.

"Wa nne," Felisia alisema bila kugeuka. "Safi sana. Kumbe wanaweza." Kalamu ikaandika.

Ila hakuwa ameitazama meza. Alikuwa ameipa mgongo, amesimama mbele yangu, mikono juu, anataka kubebwa. Wiwin akamchukua mdoli akaja kumpa. Ila akamsukuma kwa kiwiko.

"Lalachati," alisema tena, akinivuta blauzi, kwa kuwa nilikuwa nachelewa.

Wiki tano nzima nilikuwa nimemwonyesha mdoli, naye alikuwa akinitazama mimi. Kwake jina hilo lilikuwa la nyumba ile, na aliyekuwamo ndani ya nyumba ni mimi.

Nikambeba. Akalaza kichwa begani. Wiwin alinitazama, mdoli mkononi. Alikuwa ameelewa yote, na alikuwa akiniachia niamue. Ningenyamaza, karatasi ya Felisia ingekuwa na tiki moja, na mtaka kusadiki angesema kwamba akifundishwa mtoto huweza. Pengine lingepita.

"Futa hiyo," nikasema.

Felisia akageuka. "Nifute?"

"Huyu nimemfundisha mimi nyumbani. Wiki tano. Hajapimwa."

"Basi wa nne hana jina," Felisia alisema, akipitia orodha yake. "Lakini wengi wamesema Tati."

"Ndilo lake hilo," nikasema. "Mwandike Tati. Na yule wa ukutani, mwenye fulana ya kijani, muulizeni upya."

Wiwin akamwita Gilang, akamtajia jina jipya mara tatu kama wengine. Hakungoja swali. "Tati," akasema, na Momo akaanguka sakafuni.

Lebo zilikuja wiki iliyofuata, vipande vya utepe vyenye majina manne. Nilizishona mwenyewe. Za Tati zilikuwa mia tatu, na kila nikikata uzi nilitaja jina lake, nijizoeze.

Mwezi haukuisha, mumewe Mama Ila akapata kazi Bekasi. Mkataba wa nyumba ulikuwa unamalizika, wakapakia godoro, jiko na kabati la plastiki kwenye pikapu. Mama Ila alinishukuru, akanibusu mashavu yote mawili, akasema nisiache kuwatembelea. Tulijua sote kwamba sitakwenda. Nilimpa Ila mdoli, akamkumbatia bila kumtazama. Alikuwa ameshughulishwa na kuketi mbele kama mtu mzima.

Gari liliondoka. Lilipofika kwenye kioski, kichwa cha Ila kikatokeza dirishani, akaanza kuita. Lalachati. Akangoja. Lalachati. Sauti ilijaa uchochoro mzima, watu wakatoka milangoni, wakageuka huku na huku kumtafuta anayeitwa.

"Anamwita nani yule?" Mama Dafa aliniuliza, mikono ina povu la sabuni.

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika hadi kwenye meno.

"Mdoli wake," nikasema. "Kamsahau."

"Si umkimbilie basi umpe, Mama Midoli."

Pikapu ilikuwa imeshakata kona. Nilisimama pale mpaka Mama Dafa aliporudi kwenye nguo zake, kisha nikaingia ndani. Ile ndizi ya pili nilikuwa nimekwisha kuikaanga.