Mapigo Saba ya Mchi

Msiniambie habari za posa ngumu. Mimi Nyamizi binti Bujiku niliolewa kwa hesabu ya jiwe, na nusura nikose mume kwa sababu ya pigo moja la mchi.

Ilikuwa mwaka hamsini na tatu, kiangazi kikali, huku kwetu Geita. Nyuma ya zizi letu palikuwa na shimo refu lililoachwa na wachimba dhahabu. Dhahabu waliikosa, maji yakajaa chini, wakaondoka zao. Visima vyote vilikuwa vimekauka, na wanawake tulitembea tangu alfajiri kufuata maji. Basi baba akatoa sharti lake: "Simwozi binti yangu kwa maji ya kuazima. Siku shimo hili litakapotoa ndoo moja ya maji, siku hiyo harusi ipo. Lisipotoa, hakuna."

Mchumba wangu Athanas alikuwa mwalimu. Padri alikwisha kutangaza ndoa yetu mara tatu kanisani, ya Jumamosi. Na Jumatatu lori lingempeleka Athanas Chato, shule mpya, mwaka mzima bila ruhusa; tukiwa tumeoana ningekwenda naye. Nikamwambia baba, "Baba, mwaka mzima!" Akasema, "Mwaka ni nini? Ng'ombe wanazaa, watu wanalima." Nilitamani kumrushia kata ya maji, lakini maji yenyewe yako wapi!

Tulikuwa na kamba ya katani ya pima ishirini. Jumatano tuliishusha na ndoo, ikarudi kavu kama ilivyokwenda. Tuongeze kiasi gani? Hakuna aliyejua. Katani iliyokauka ilitosha kusokota pima tano tu. Nyingine ilikuwa bado imelowekwa bwawani, ikisubiri kuoza siku kumi ndipo ipigwe.

Alhamisi asubuhi Athanas akaja, macho yanang'aa. "Shikamoo mzee. Nitapima shimo kwa jiwe."

"Marahaba. Jiwe lina mdomo?" baba akauliza.

"Lina chubwi likigusa maji, mzee."

Akatueleza huku anachora mavumbini. Jiwe likianguka sekunde moja, limeshuka futi kumi na sita. Sekunde mbili si thelathini na mbili, ni sitini na nne, maana kadiri linavyoanguka ndivyo linavyozidi kukimbia. Unazidisha sekunde kwa zenyewe, kisha mara kumi na sita. Halafu unapunguza kidogo, kwa kuwa sauti nayo inachukua muda wake kupanda kutoka majini hadi sikioni.

Ila saa hakuwa nayo. Akafunga kijiwe kwenye uzi, inchi kumi kasoro kidogo, akauning'iniza msumarini na kuubembeza. "Kila ukivuka upande mmoja kwenda wa pili, ni nusu sekunde." Lakini shimoni upepo ulikuwa unauyumbisha, na mtu hawezi kutazama uzi na kusikiliza chubwi kwa pamoja. Ndipo binamu yangu Zipora, mcheshi asiyejua kunyamaza, akasema, "Sisi wanawake hatuhitaji saa. Tupeni kinu!"

Ee bwana wee! Tukasimama kinuni ndani ya nyumba, mimi mchi wangu, yeye mchi wake, tukipokezana, hadi mapigo yetu yakaenda sawasawa na ule uzi, uliotundikwa humo pasipo upepo. Kisha tukakibeba kinu nje, hatua kumi kutoka shimoni, tukakitandika pumba kisivume. Athanas akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo. Nikatwanga, akaachia jiwe palepale pigo lilipotua, na Zipora akahesabu kama tunavyohesabu siku zote tukitwanga: "Moja! Mbili! Tatu!" Aliposema "Saba!" tukasikia chubwi. Tukarudia mara tatu. Saba, saba, saba. Nilicheka hadi mchi ukaniponyoka.

Athanas akaandika. Mapigo saba, sekunde tatu na nusu. Akazidisha, akapunguza ya sauti.

"Futi mia moja sabini na nane," akasema. "Futi sita kwa pima: pima thelathini, karibu."

Pima kumi za kuongeza, na sisi tuna tano. Baba akatikisa kichwa taratibu, akaenda kwa ng'ombe wake. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya. Athanas akanishika mkono.

Mchana nikakaa na Zipora kusokota ile ya pima tano, maana mikono ikikaa bure moyo unazidi kuuma. Nilikuwa nimepitisha nyuzi katikati ya vidole vyangu, na Zipora, ili anichekeshe, akawa anazihesabu kwa sauti ya kasisi. "Nyuzi nne, binti Bujiku. Vidole vitano, nyuzi nne. Umekula uzi mmoja?"

"Vidole vitano vina nafasi nne, mjinga wewe," nikamjibu. Halafu nikaacha kusokota. Nikatazama mkono wangu.

"Zipora! Jiwe lilipoachiwa ulisema nini?"

"Nilisema moja. Ulitaka niseme amina?"

Mayo wee! Nilikimbia na nyuzi zimening'inia vidoleni hadi kwa Athanas. "Pigo la kwanza lilikuwa la kuachia! Muda ulikuwa bado haujaanza! Mapigo saba, nafasi sita!"

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Sekunde tatu," akanong'ona. "Nafundisha watoto hesabu, Nyamizi, na nimehesabu kama mtwangaji." Akachora upesi. Tatu kwa tatu tisa, mara kumi na sita, mia moja arobaini na nne. Akapunguza ya sauti. "Mia moja thelathini na mbili. Pima ishirini na mbili!" Tukarukaruka pale mavumbini kama ndama waliofunguliwa, mwalimu mzima!

Tukamwendea baba. Athanas akakiri kosa lake bila kujitetea. Baba akamsikiliza, akasema, "Asubuhi thelathini, jioni ishirini na mbili. Kesho litakuwa la kunawia miguu?" Lakini akakubali tujaribu, mara moja tu, Ijumaa mchana.

Ijumaa watu wakajaa. Kamba ilikuwa ya pima ishirini na tano, na fundo kila pima. Baba mwenyewe akaishika juu ya kapi, hakutaka mtu mwingine. Ishirini ikapita. Ishirini na moja. Ishirini na mbili, na kamba bado imekazana, ndoo inaning'inia. Nilimshika Zipora hadi akaguta. Baba akaachia kidogo tena, kama urefu wa mkono. Kamba ikalegea.

"Imetua," baba akasema.

Vigelegele! Wanaume wakavuta, ndoo ikapanda inamwaga maji, Zipora akacheza akizunguka kinu, Athanas akapiga magoti akicheka na kufuta machozi. Mimi nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Baba hakupiga kelele. Alichota kwa viganja, akanywa, akabaki ameinamia ndoo. Nikamsogelea. "Baba, maji ni machungu?"

"Ni matamu," akasema, bila kuinua uso. "Wale wachimbaji waliniambia maji ya shimo hili hayafikiwi na kamba yoyote. Niliwaamini, mwanangu. Ndiyo maana nikaweka sharti hili. Chato ni mbali."

Kisha akainua ndoo kwa mikono miwili, akampelekea Athanas, akamwambia anywe.